Siku Padri Alipokuja Kubariki Eshafodaje

Bosi aliipenda barua yangu, na hilo ndilo lililoniudhi.

Nilikuwa mhandisi wa jengo la ghorofa tatu kwenye mteremko wa Kadutu. Waashi walipiga lipu ukuta wa nje wakisimama juu ya eshafodaje, yaani jukwaa la miti ya mikaratusi. Miguu yake ilikaa kwenye tope tupu, haikufungwa ukutani popote, na pembeni hapakuwa na kitu cha kumzuia anayeteleza. Kila nikisema, bosi alijibu kwamba miti hiyo imejenga nusu ya Bukavu. Basi nikamwandikia onyo rasmi, kwa Kifaransa kilichovaa tai: kazi za juu zisimame hadi eshafodaje ifungwe upya, la sivyo nakala iende kwa inspekta wa kazi.

Aliisoma akitabasamu.

"Enjenieri, Kifransa yako iko tamu! Nimesikia. Nitaleta padri abariki."

"Patron, mimi naomba mbao na misumari. Na utie sinyatire hapa kwa kopi, ionekane umeipokea."

"Sinyatire ya nini? Mungu hatoshi?"

Nilichemka. Bila sahihi ile angesema hakuna aliyemwonya, na waashi wangeendelea kupanda hadi mmoja wao aanguke.

Jumamosi padri akaja, mtu wa mwili mkubwa. Waashi walishuka, wakavua kofia. Padri akasukuma nguzo moja kwa kidole. Eshafodaje yote ikalia.

"Enjenieri, hii iko nguvu?"

"Padri, niliandika barua."

"Basi nitabariki kutoka hapa chini."

Bosi akaona haya. Akanyakua ndoo ya maji ya baraka na kuanza kupanda na viatu vyake vya kung'aa, huku nikimsihi ashuke. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu mwenyewe asiyesikia huvunjika nini, hawakusema.

Alipofika juu, mguu mmoja wa jukwaa ukazama topeni. Ndoo ikapinduka, padri akalowa kuanzia kichwani. Bosi akakumbatia kizingiti cha dirisha.

"Enjenieri! Leta barua! Natia sinyatire!"

"Ingia kwanza, Patron!"

"Kazi imesimama! Leo! Musitikise!"

Tulikimbilia ndani, tukamvuta kupitia dirishani kama gunia la makaa. Akatia sahihi hapohapo sakafuni, kisha akaamuru wapeleke lori kuleta mbao. Tulicheka mpaka machozi, na padri, akikamua kanzu yake, alicheka kutushinda sote. Nilifurahi sana, siwezi kuficha.

Mwashi mmoja akamsaidia bosi kusimama, akamfuta vumbi la saruji kwenye koti.

"Pole, Patron," akasema kwa upole. "Pale juu ulikuwa, njo pale tunakulakaga mukate kila siku saa sita."