Herufi Iliyokataa Kutulia

Ilianza Ijumaa ya pili ya likizo ya Agosti, saa nane na dakika ishirini mchana. Nilikuwa nimesimama ghorofa ya tatu ya jengo moja katikati ya mji, mbele ya tishati nyeusi iliyokuwa bado na joto la mashine. Jamaa anayechapisha aliinyoosha juu ya meza kama mtu anayetandika kitanda cha wageni.

“Hiyo ndiyo sampuli,” akasema. “Mkisema ndiyo, saa kumi na moja tishati zote kumi na mbili ziko tayari.”

Kando yangu alisimama kapteni. Yeye ni kiziwi, ana miaka ishirini na mbili, anashona nguo Dagoretti na kupanga chumba kwenye ploti yetu kule Mutuini. Ni kapteni wa timu ya netiboli ya wasichana viziwi, na kesho yake walikuwa na mechi. Walitaka tishati yenye neno JUHUDI kifuani, lakini si kwa herufi za kawaida. Walitaka mikono sita, kila mmoja ukionyesha herufi moja ya alfabeti ya vidole. Kazi ya kupiga picha za mikono hiyo na kuzituma kwa jamaa wa tishati nilipewa mimi.

Niseme ukweli, nilijivunia sana. Mimi si mtu wa kupewa kazi. Darasani mwalimu akiuliza swali huwa nakumbuka ghafla kwamba kamba ya kiatu imelegea. Lakini tangu Aprili nimekuwa nikijifunza ishara kutoka kwa kapteni, pale kwenye mfereji wa maji wa ploti, tukingoja ndoo zijae, na nimegundua kwamba mikono yangu haina haya kama mdomo wangu. Wasichana wa timu wamenipa hata jina la ishara: kidole kimoja juu ya midomo iliyofungwa. Wakiniita hivyo najisikia mtu.

Sasa kapteni alikuwa anaangalia ile tishati na hakuwa ananiita chochote. Aliinua nyusi, akaanza kusoma kwa vidole vyake, polepole, kama mtu anayesoma barua ya kufukuzwa nyumba. I. U. U. U. D. I.

Nikaangalia tena. Ilikuwa kweli.

Kapteni akanigeukia, mikono ikaenda mbio. —Mwulize huyu kama macho yake ni ya kuonea au ni ya kupamba uso.

“Anasema kazi ni safi,” nikamwambia yule jamaa, sauti yangu ikiwa imejificha mahali fulani chini ya meza. “Ila kuna kitu kidogo.”

Kapteni hasikii, lakini uso anausoma kama gazeti. Alinitazama, akamtazama jamaa anayetabasamu, akanifinya kiwiko. —Mtu niliyemtukana hawezi kufurahi hivyo. Tafsiri vizuri.

“Pia ameuliza kuhusu macho yako,” nikaongeza.

“Macho yangu yako aje?”

“Yako... kwa uso.”

Jamaa akacheka, akavua kofia, akajikuna. “Siz, shida ni gani? Mikono sita mlitaka, mikono sita ndiyo hiyo. Hesabu.”

Nikamwonyesha mkono wa tatu. Ulipaswa kuwa H: vidole viwili, cha shahada na cha kati, vimeshikana na vimelala, vinaelekea upande. Kwenye tishati vilikuwa vimesimama wima.

“Ah, hiyo nilinyoosha,” akasema kwa fahari. “Mlituma mkono umelala, ukaonekana kama umeanguka. Mingine yote imesimama, huo peke yake umechoka. Nikauinua.”

“Ukisimama unakuwa U.”

“Si vidole ni vile vile?”

Vidole ni vile vile. Hapo ndipo penye balaa. U na H ni vidole viwili hivyo hivyo. Tofauti ni jinsi mkono ulivyokaa. U imesimama na kiganja kinamtazama anayesoma. H imelala na kiganja kinamgeukia mwenye mkono. Kwenye picha yangu mtu angeweza kushtukia, kwa sababu H ilionyesha mgongo wa mkono. Lakini jamaa alikuwa amegeuza picha zote kuwa vivuli vyeupe vitupu, bila kucha, bila mistari ya kiganja, na kivuli hakina mgongo wala tumbo. D ndiyo iliyonusurika, kwa sababu nilikuwa nimeipiga kutoka ubavuni na kile kitundu chake kati ya kidole gumba na vingine kikaonekana.

Nilimweleza hayo yote kwa sentensi nne. Sijawahi kumwambia mgeni sentensi nne mfululizo. Alisikiliza, akabofya kompyuta mara mbili, na H ikalala.

“Kwisha?” akauliza.

Kapteni akagonga mkono wa kwanza kwenye tishati, kisha wa mwisho. Wa kwanza, wa mwisho. Nikainama. Ilikuwa mikono inayofanana kabisa, kidole kidogo juu, mpaka kibonge cha uzi wa shanga ambao kapteni huvaa kwenye kifundo cha mkono kilikuwa mahali pale pale.

“Hiyo nayo,” jamaa akasema, “nilidhani umetuma picha moja mara mbili. Nikafuta moja, nikatumia nyingine kotekote. Ama nimekosea?”

Nilitaka kusema ndiyo, umekosea sana. Nikafungua simu nimwonyeshe tofauti. Picha ya J hii hapa. Picha ya I hii hapa. Nikazitazama. Nikazitazama tena. Kidole kidogo juu, ngumi imefungwa. Kidole kidogo juu, ngumi imefungwa.

Hapo nikakumbuka siku ya kupiga picha. Kapteni alipofika J nilipiga mara tatu, na mara zote tatu mkono ukatoka na ukungu. Nikamwambia atulie. Akaniangalia kwa njia ya ajabu, akauliza kama nina uhakika. Nikasema picha yenye ukungu haichapishiki. Akatulia. Nikapata picha safi kabisa, nikafuta zile tatu mbaya.

Zile tatu mbaya ndizo zilizokuwa J.

J huanza kama I, kisha kidole kidogo kinashuka na kuchora ndoano hewani. Bila kuchora, hakuna J. Mimi nilijifunza alfabeti kwa picha moja niliyohifadhi kwenye simu, na ile ndoano yake ndogo niliidhani pambo. Mferejini nilikuwa nimemwona kapteni akichora J mara mia, na bado nikaamini picha.

Nilingoja kapteni amwambie jamaa kwamba kosa ni langu. Wapinzani wao wa kesho yake nao ni viziwi. Wangesoma vifua vya timu kabla hata mwamuzi hajapunga bendera, ambayo kwao ndiyo filimbi, na wangecheka mpaka Krismasi, na jina langu la ishara lingebadilika kuwa kitu ambacho sitaki kukiandika hapa. Alichofanya kapteni ni kujiegemeza ukutani na kukunja mikono. Kiziwi akikunja mikono amekunyima mazungumzo. Kazi ikawa yangu.

Siwezi kubishana. Lakini naweza kuchokoza, mradi nifanye kwa upole.

“Tucheze,” nikamwambia jamaa. “Angalia dirishani. Nitampiga picha mbili. Moja akisema I, moja akisema J. Ukizijua, tunachukua tishati hivyo hivyo. Usipozijua, unatengeneza.”

“Na soda?”

“Na soda.”

Akageuka dirishani. Kapteni akaelewa bila mimi kumaliza ishara. Uchokozi ni lugha yake ya kwanza. Picha ya kwanza alianza J, nikabofya kabla kidole hakijashuka. Picha ya pili akaanza J tena, nikabofya pale pale. Zote mbili J. Macho yake yalikuwa yanacheka.

Jamaa akachukua simu, akakuza, akapunguza, akaigeuza. “Hii ya kwanza ni I,” akasema kama daktari. “Ya pili ni J. Hapa kidole kimekaza kidogo.”

“Zote ni J.”

“Wewe ni mwongo.”

“Sasa niambie ningekudanganyaje kama picha ingekuwa inasema ukweli.”

Akanirudishia simu. Kapteni akamwonyesha kwa mkono mzima, kidole kikashuka na kukata kona. Jamaa akarudia kwa kidole chake mwenyewe, mara moja, mara mbili, na uso wake ukafunguka. “Kumbe inaandikwa,” akasema. “Si mngesema tu? Naweka mshale.”

Akachora mshale mweupe kutoka kwenye ncha ya kidole: chini, kisha ndoano kwenda kushoto, vile vile tunavyoandika J daftarini. Mimi nikaitikia kwa kichwa, nimeridhika. Kapteni akafunika uso kwa viganja.

Akanisimamisha mbele yake, akachora J polepole kwa mkono wa kulia. Kwake yeye ndoano ilikwenda kushoto. Kwangu mimi niliyemtazama, ilikwenda kulia. —Naandika kutoka upande wangu, akasema. —Wewe unasoma kutoka upande wako. Tishati inamtazama nani?

“Geuza mshale,” nikamwambia jamaa.

“Mbona hapo mwanzo ulisema ni sawa?”

“Nilikuwa nakupima.”

“Wewe msichana kimya ni hatari,” akasema, na akageuza. Soda alinunua yeye, mbili, na mrija mmoja kwa sababu alisema mwongo hastahili mrija.

Saa kumi na moja zilitoka tishati kumi na mbili, zote sahihi. Tukiwa tunafunga mfuko, kapteni akaichukua ile sampuli mbaya na kunirushia kifuani. —Kosa lenye joto la mashine halitupwi. Hii utavaa wewe. Kesho. Uwanjani. Bila sweta.

Nikamwambia kuna baridi ya Agosti. Akasema anajua.

Asubuhi yake nilienda uwanja wa Dagoretti saa tatu nikiwa na I-U-U-U-D-I kifuani, na sweta langu likiwa limefungwa kiunoni kwa amri. Nilisimama pembeni na chupa za maji za timu, nikijaribu kuwa mtungi. Msichana mmoja wa timu pinzani alisimama mbele yangu, akasoma kifua changu kwa vidole, akaanza kucheka, akawaita wenzake wawili. Wakasoma wote. Wakainua nyusi kuniuliza.

Hakukuwa na kamba ya kiatu. Nilikuwa nimevaa malapa. Nikaweka chini chupa za maji, nikainua kidole kidogo, nikakishusha na kuchora ndoano taratibu mbele yao, kisha nikalaza vidole viwili mbele ya ile U ya katikati kifuani. Halafu nikaanza tena tangu mwanzo, neno zima.