Zawadi Zipo, Mama

Nasirumbi alizaliwa Kimilili, kwao Waluhya, akalelewa katika nyumba za polisi za Nyeri, na kufika darasa la sita alikuwa akitukana kwa Kikuyu vizuri kuliko watoto wa mtaa wa Ruring'u wenyewe. Baba yake, Koplo Khisa, hakuwahi kuielewa lugha ya mji uliomzeesha. Binti ndiye aliyemnunulia viazi sokoni na kumtafsiria maneno ya wauzaji, akiyapunguza makali njiani. Kazi hiyo ya kupunguza makali ikawa ndiyo maisha yake. Aliifanya miaka sita katika duka la sare za shule la mwanamke aliyeitwa Mamta, akiwaeleza wazazi kwa upole kwamba sweta haipunguzwi bei, na sasa, akikaribia arobaini, aliifanya kwenye ghorofa ya tatu ya jengo moja mjini, akiwa na kipaza sauti kichwani, katika kampuni ya michezo ya bahati ya mtandaoni.

Alianzia upande wa bingo. Bingo ilikuwa rahisi kueleza. Wachezaji wananunua tiketi, pesa zao zinaingia chungu kimoja, kampuni inachota ishirini katika kila mia, na themanini zinazobaki zinagawanywa: kidogo kwa wa kwanza kukamilisha mstari, kidogo kwa wa mistari miwili, nyingi kwa atakayejaza tiketi nzima. Watu wakiwa wengi chungu kinafura, lakini mikono inayokigombea inaongezeka pia. Malalamiko yalikuwa ya aina moja: mtu amejaza tiketi, amepiga magoti kumshukuru Mungu, kisha anaona kwamba wengine wawili wamejaza kwa namba hiyohiyo na zawadi imekatwa vipande vitatu. Nasirumbi alimweleza taratibu, naye alimwita mwizi.

Meneja wao, Ngatia, kijana wa Karatina mwenye viatu vilivyochongoka, alimhamishia kwenye kadi za kukwangua kwa sababu ya Kikuyu chake. Mchezo uliitwa Kwangua Mlima. Unalipa shilingi hamsini, kadi inatokea kwenye simu, unaisugua kwa kidole, na picha tatu zikifanana umeshinda. Kusugua kwenyewe ni mchezo wa kuigiza tu; matokeo ya kadi yameshaamuliwa kabla kidole hakijaigusa. Kampuni ilitengeneza kadi milioni moja kwa mpigo, ikazichanganya, ikaziuza mpaka ziishe. Katika kila shilingi mia zilizoingia, sitini na nne zilipangiwa kurudi kwa wachezaji, na bango lilisema pia kwamba karibu kadi moja katika kila nne inashinda. Yote kweli. Ambalo bango halikusema ni kwamba zaidi ya nusu ya kadi hizo za ushindi zilikurudishia hamsini yako ileile, nyingi ya zilizobaki zilitoa mia, na kwamba moja ya kumi ya zawadi zote, kwa thamani, ilikuwa imekaa ndani ya kadi moja tu. Kadi hiyo ilikuwa pikapu.

Na pikapu ilikuwa imekwenda. Mfanyabiashara wa mbuzi wa Doldol aliikwangua kabla nusu ya kadi hazijauzwa. Alichukua pesa badala ya gari na kukataa kupigwa picha, akihofia jamaa zake, na kampuni haikumbembeleza. Bango la pikapu likabaki ukutani. Chini kabisa ya ukurasa wa mchezo, kwa Kiingereza na herufi za ukubwa wa chawa, palikuwa na orodha ya zawadi zilizobaki, na mbele ya pikapu iliandikwa sifuri. Kadi zilizobaki bei yake ilikuwa ileile hamsini, ingawa zile sitini na nne sasa zilikuwa kama hamsini na nane. Wahudumu walipewa maneno ya kujibu endapo mtu angeulizia gari: zawadi zipo.

"Na si uongo," Ngatia aliwaambia. "Ziko maelfu. Mtu asiulize swali moja akajibiwa lingine halafu alalamike."

Jackie, aliyeketi kiti cha pili, aliyasema maneno hayo huku akipaka kucha rangi. Nasirumbi aliyasema akitazama meza.

Aliyemtesa zaidi alikuwa Mama Wamae, mjane mwenye shamba lake la chai nyuma ya soko la Kiriaini. Alipiga simu karibu kila wiki na kumtafuta Nasirumbi kwa jina, kwa kuwa wengine, alisema, wanamjibu kama wanafukuza kuku. Alibeba majani mgongoni mpaka kituo cha kununulia, na shemeji yake Mburu alimpita njiani kwa pikapu akipiga honi, bila kusimama, tangu siku walipogombania mpaka wa shamba. Mama Wamae hakutaka milioni. Alitaka kumpita Mburu, mara moja tu, kukiwa na matope.

Siku moja alipiga akiwa na furaha. Alikuwa amepata pikapu mbili, na picha ya tatu ikawa kabichi. Amekosa kidogo tu. Nasirumbi alijua kwamba kadi yenye pikapu mbili imekosa sawasawa na isiyo na hata moja, na kwamba kuna mtu alilipwa kuichora hivyo. Alimwambia pole. Ndipo mama akamweleza mpango wake. Bonasi ya chai, ile ambayo kiwanda huwalipa wakulima mara moja kwa mwaka, ilikuwa inaingia, elfu sitini, na yote angeitia kwenye kadi kwa siku moja. Wengine wamechoka, wamenunua, wametoka. Kadi zinapungua, gari liko palepale, kwa hiyo kila siku linasogea.

Hesabu yake haikuwa ya kijinga. Kama gari lingekuwa bado ndani, angekuwa na haki. Lakini Nasirumbi aliyaona yatakayotokea: kadi elfu moja na mia mbili, zimrudishie elfu thelathini na kitu kwa vipande vya hamsini na mia, naye avirudishe vipande hivyo humohumo mpaka vikauke. Na simu ya kampuni ilikuwa ikirekodi. Akasema zawadi zipo, mama, na usiku huo hakula.

Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, alishuka mpaka barabarani na kumpigia kwa simu yake mwenyewe, akimwita bibi kwa Kikuyu.

"Shosho, nisikilize. Hiyo gari haiko. Ilichukuliwa na mtu wa Doldol kitambo. Hata ukinunua kadi zote hutaipata. Bonasi yako weka."

Sauti ya Mama Wamae ikawa tamu, ikashuka, kama ya mtu aliyesogea karibu na dirisha la karani.

"Ati imeisha?"

"Imeisha, shosho."

"Sawa, msichana wangu. Nimekuelewa kabisa."

Nasirumbi alirudi kazini mwepesi. Jioni simu yake ililia: elfu tatu kutoka kwa Mama Wamae, ya chai.

Ilimchukua muda kuelewa, ingawa alikulia hapahapa. Mama huyu alikuwa amezeeka mbele ya madirisha. Mbolea ya serikali ilimwishia mpaka alipotoa kitu kidogo, ndipo magunia yakaonekana nyuma ya stoo. Basari ya karo ya mwanawe ilikwisha, kisha ikapatikana. Maishani mwake hakuna afisa aliyewahi kumwambia kitu kimeisha akawa na maana kwamba kimeisha. Na huyu wa pikapu amepiga hata kwa namba yake mwenyewe, kwa siri.

Nasirumbi alizirudisha elfu tatu na kumpigia. Alimwambia si hivyo, shosho, mimi sitaki kitu, gari kweli halipo. Mama Wamae alicheka kwa heshima. Aliomba msamaha, akasema anajua pikapu si mbuzi na kwamba elfu tatu ni matusi. Alisema angejipanga bonasi ikiingia.

Bonasi iliingia Ijumaa. Wahudumu huacha simu zao kwenye makabati kabla ya kuketi, kwa hiyo Nasirumbi hakuona elfu kumi za Mama Wamae zilipofika. Alichoona, kabla ya saa sita, ni Mama Wamae mwenyewe akiingia ofisini na koti lake la kanisani, akipumua kwa ngazi, akiuliza kwa sauti ya mtu aliyelipa ni wapi anatia sahihi achukue funguo.

Chumba kizima kiligeuka. Jackie alivua kipaza sauti asikose neno. Ngatia alitoka kwenye chumba chake cha kioo, akamkalisha mama, akamuuliza funguo za nini. Mama Wamae alimwonyesha Nasirumbi kwa kidevu.

"Huyu msichana. Nimemtumia chai yake asubuhi. Alisema gari imeisha, nikaelewa. Sasa anaitoa ama anaiwekea Mluhya mwenzake?"

Nasirumbi alisema hajala kitu cha mtu. Ngatia akamwomba afungue kabati. Elfu kumi zilikuwa pale juu ya kioo cha simu, jina la mama kwa herufi kubwa, na wenzake wakajipanga kuangalia kama watu kwenye ajali.

"Mluhya kupenda kuku tunajua," alisema mmoja. "Ameona gari pia ina mabawa." Wakacheka, na Jackie ndiye aliyecheka mwisho.

Ngatia hakucheka. Alimwita pembeni, na huko hakuuliza habari ya elfu kumi hata kidogo.

"Ulimwambia mteja gari imekwenda?"

"Si iko kwa ukurasa. Mmeandika sifuri wenyewe."

"Kuandika ni sheria. Kuambia ni wewe." Alimwambia aache beji, na kwamba barua ingesema hongo, kwa kuwa hongo inaeleweka upesi.

Nasirumbi alirudi kwa mama, akachuchumaa mbele yake, akamshika mikono iliyokuwa na nyufa nyeusi za majani ya chai. Alimwambia kwa Kikuyu, mbele ya watu wote, kwamba hana kazi tena, kwa hiyo hana sababu ya kumdanganya: gari halipo. Mama Wamae alimtazama, kisha akamtazama Ngatia.

"Bosi, ni ukweli?"

"Zawadi zipo, mama," alisema Ngatia. "Jackie, letee mama chai."

Mama akavuta mikono yake. Alimwambia Nasirumbi kwamba Mburu angalau hupiga honi; yeye huiba kimya.

Wakamwekea meza ndogo karibu na mlango, na Jackie akaambiwa amsaidie kutia pesa kwenye akaunti. Kadi ya tisa ilitoa mia tano. Mama Wamae alipiga kelele moja fupi ya furaha, chumba kikampigia makofi, na akamgeukia Nasirumbi, aliyekuwa akikusanya kikombe na sweta yake, ili aone ni nini alichokuwa akimficha. Kufika kadi ya hamsini alikuwa ameacha kunywa chai.

Mlangoni Nasirumbi alisimama, akafungua simu, akarudisha zile elfu kumi zote mbele ya macho ya Ngatia. Simu ya mama ikalia mezani. Aliisoma taratibu, midomo ikitembea, kisha akatikisa kichwa kama mtu aliyeshinda kesi.

"Ameogopa, amerudisha," alimwambia Jackie. "Hii nayo ni kadi ngapi?"

"Mia mbili, mama."

"Tia."