Cote Ikipanda, Timu Inashuka

Kaka yangu Kitsa Muyisa alikuwa mpanga-cote. Cote ni bei ya pari, yaani kamari ya mechi: ukiweka franka elfu moja kwenye timu yenye cote ya mbili, ikishinda unapewa elfu mbili. Bei hizo aliziandika kwa chaki kwenye ubao wa nyumba ya pari ya Papa Mathe, karibu na karakana za maseremala, hapa Mususa. Wakristo wenzangu wananiambia kazi hiyo haitajwi juu ya marehemu. Mimi ninaitaja. Mungu aliyemwita alikuwa anaijua.

Yeye mwenyewe hakucheza pari hata siku moja. Alisoma bei kama mama anavyosoma sufuria. Bei ikianguka ghafla, na ikaanguka kwa nyumba zote mara moja, alisema: “Mvuke umetoka. Kuna moto chini.” Maana yake, kuna watu wanaojua jambo, na wameweka pesa nyingi kwa pamoja kabla bei haijawakimbia.

Lakini hakuamini kila mvuke. Mwezi wa nne, wanaume wawili waliweka pesa kidogo kwenye timu dhaifu ili wamtishe abadilishe bei, halafu warudi na pesa kubwa upande wa pili kwa cote nzuri. Kitsa alipiga simu kwanza. Nyumba nyingine hazikuwa zimesogea hata kidogo. Akaacha ubao vilevile, akawaambia, “Bapapa, hiyo ni maji ya baridi,” nao wakaondoka wakicheka kwa haya.

Siku iliyomharibia jina ilikuwa Jumamosi. Jumapili yake Etwale, timu ya mtaa wetu, ilikuwa inacheza na timu ya Beni, huko huko Beni. Mimi nilikuwa nauza chai na mikate mlangoni pa Mathe kama kawaida, kwa hiyo ninaandika niliyoyaona.

Asubuhi ubao ulisema: Etwale 1.80, sare 3.20, Beni 4.00. Watu walijaa. Kufikia saa tano kulikuwa na tiketi mia mbili, na mia na themanini zilikuwa za Etwale. Ilikuwa franka elfu moja hapa, elfu mbili pale, pesa ya mapenzi. Zote mia na themanini hazikufika dola mia.

Ndipo Octave, aliyeshika tawi la Mathe kule Beni, akapiga simu. Kitsa aliweka sauti kubwa ili aendelee kuandika.

“Kitsa, batu batano beko hapa. Benye suruali safi. Baliweka dola mia saba kwa Beni, bote mu dakika kumi.”

“Na kwa banyumba ingine?”

“Donc, kwa jirani cote ya Beni ilitoka kwa ine, iko tatu. Kwa mwingine iko mbili na nusu. Ile moto iko kila fasi.”

“Balisema sababu?”

“Mutu anaweka dola mia saba, atakuambia sababu?”

Kitsa akafuta ubao. Akaandika Beni 2.90, Etwale 2.30. Tiketi tisa kwa kumi zilikuwa za Etwale, na bado bei ilienda kinyume chao. Hapo ndipo alipozoea kusimama na kufikiri, kwa sababu bei inayokimbia umati haikimbizwi na umati. Inakimbizwa na wachache wenye pesa nzito.

Umati ukapiga kelele ya furaha.

“Etwale imepanda! Imepanda!”

Hilo ndilo kosa la watu wetu. Neno kupanda ni neno zuri kwao: cheo kinapanda, bei ya kahawa inapanda, mtoto anapanda darasa. Wanaona namba imekuwa kubwa, wanadhani timu imekuwa kubwa. Wale waliokuwa wanatoka wakarudi kununua zaidi.

Papa Kahongya, anayeuza mbao, alitoa dola themanini alizokuwa amepokea asubuhi hiyo kwa mteja.

“Kitsa, andika yote kwa Etwale. Imepanda!”

“Papa, hapana. Cote ikipanda, timu inashuka.”

“Unasema nini, wewe?”

“Minasema kuna batu benye kujua, na habaamini Etwale tena. Sijue sababu. Pengine Beni itashinda, pengine hapana. Mais Etwale ya asubuhi na Etwale ya sasa haiko sawa.”

“Beni walikupa ngapi?” mmoja akapaza sauti nyuma. Watu wakacheka.

Kitsa aligeukia ubao. Akachukua chaki, na chini ya namba akaandika kwa herufi kubwa: COTE IKIPANDA, TIMU INASHUKA.

Papa Mathe akatoka ofisini kwake. Mathe si mtu mbaya, lakini siku hiyo alikuwa na hofu. Beni ikishinda, wale watano wangemchukulia dola elfu mbili na mia nane. Alihitaji pesa nyingi za Etwale ili zijaze shimo hilo, na cote kubwa ndiyo iliyowavuta watu. Kumbe mfanyakazi wake anawafukuza.

“Futa ile maneno.”

“Patron, bei nimeweka sawa kwa ajili yako. Maneno ni ya kweli kwa ajili yao.”

“Nani anakulipa, mimi ao bao?”

“Ni wewe. Kwa kupanga bei, si kwa kunyamaza.”

“Futa, ao uende.”

Kitsa aliweka chaki mezani, akapangusa mikono kwenye suruali, akaja kwangu mlangoni. “Victorine, nipe chai,” alisema. Akainywa yote pale pale, mbele ya watu waliokuwa wanamwita msaliti. Nyuma yake Mathe alifuta maneno kwa kiwiko cha shati lake, na Papa Kahongya akaweka dola zake themanini kwa Etwale.

Jumapili mechi iliisha sare, bao moja kwa moja. Watu wa Etwale walipoteza, na wale watano wa Beni pia walipoteza. Baadaye tulisikia kilichotokea: Ijumaa usiku, kwenye hoteli ya Beni timu ilikolala, mpishi alimwona kipa wa Etwale akila bugali kwa mkono wa kushoto, akawanong'oneza wale watano. Kwetu hakuna anayefanya hivyo bila sababu. Kidole cha mkono wa kulia kilikuwa kimevunjika mazoezini na timu ilificha. Kipa wa pili ndiye aliyedaka.

Ungefikiri habari hiyo ingemsafisha Kitsa. Haikumsafisha. Wengine walisema aliuza mechi. Wengine walisema ni nabii wa uongo, maana Beni haikushinda. Vyote viwili kwa mtu mmoja! Hakuna nyumba ya pari iliyomchukua tena. Mathe alimwita baada ya wiki tatu: rudi, lakini useme mbele ya watu kwamba ulikosea. Kitsa akamjibu kwamba aliungama kwa padri kila mwezi, na dhambi hiyo hakuwa nayo. Akaenda kulima maharage Luofu kwa mjomba wetu, na huko figo zikamshinda mwezi wa tisa.

Kwenye matanga Mathe alikuja na kitambaa na sukari, akasimama kusema. Alimsifu vizuri. Halafu akaongeza: “Alikosea siku moja tu, tumusamehe.”

Nilisimama kabla hajakaa. Shangazi alinivuta kitenge, nikakiachia mkononi mwake.

“Papa Mathe, alikosea wapi? Sema mbele ya maiti. Cote ilipanda, timu ilishuka, ni ndiyo ao hapana?”

Akatazama chini. “Mama Victorine, hapa si fasi yake.”

“Ni fasi yake. Hatakuwa na ingine.”

Watu walinigeukia. Niliomba kimoyomoyo nisilie kabla ya kujibiwa. Aliyejibu ni Papa Kahongya, kutoka kwenye benchi la nyuma, bila kusimama.

“Aliniambia,” alisema. “Ku macho yangu aliniambia. Mimi njo nilikataa kusikia.”

Mathe akakaa. Mwimbishaji akaanza wimbo, nami nikauimba kwa sauti kubwa kuliko wote.