Kitambaa Nilichomupa Muzee wa Mutihani

Kuogesha wazee nilikujua mbele ya kujua kuandika vizuri. Mama mukwe wangu nilimuogesha miaka sita. Vita ilipotutoa Kalengera nilimubeba kwa mugongo mpaka Goma, na mulima wa moto wa pale Goma ulipopasuka mbele ya macho yangu mara ya kwanza nilimubeba tena mpaka Gisenyi. Katika miaka hiyo yote hakushika kitambaa cha maji na mukono wake. Kwetu, bibi-arusi akiacha mama mukwe ajioshe, watu watauliza alilelewa na nani.

Kwa hiyo niliposikia kwamba kule Ulaya watu wanasomea kazi hiyo mwaka muzima na kupewa cheti, nilicheka. Sikucheka muda mrefu.

Mutoto wangu wa kwanza ndiye alinifikisha kule, na mimi tayari nilikuwa na wajukuu. Nilipata kazi ya usafi katika nyumba ya wazee, tangu saa kumi na mbili ya asubuhi mpaka saa kumi na moja ya jioni: korido, vyoo, kisha mashuka. Siku moja mama mukubwa wa nyumba hiyo aliniita katika ofisi.

"Mama, wazee wanakupenda, lakini bila cheti siwezi kukuacha umuguse hata mumoja. Mbele ya likizo kubwa musaidizi mumoja anaenda pansheni. Ukileta cheti, nafasi ni yako. Usipoleta, nitachukua mutu mwingine."

Nikajiandikisha kwenye masomo ya watu wazima. Wikiendi mbili kwa mwezi tulisoma, siku ya posho, ndiyo Jumamosi, na siku ya yenga, ndiyo Jumapili, asubuhi mpaka jioni, na tulitia sahihi kila tunapoingia. Katikati ya juma kulikuwa na kazi ndogo ndogo kwenye telefone: kuangalia filme ya dakika tano, kujibu maulizo mane, kuandika ripoti ya mistari mitatu. Saa ngapi, umeona nini, umefanya nini. Basi. Asiyetuma zote hakubaliwi kuingia katika mutihani wa mikono.

Mimi nilikomea darasa la ine. Kazi hizo nilizifanya nikikaa kwenye banko la mbao la chumba cha mashuka, nikingojea mashini ya mwisho imalize kuzunguka, miguu imevimba, kidole kimoja kikitafuta herufi. Mara moja niliandika: "Mama huyu ana huzuni kwa sababu watoto wake hawamupendi." Mwalimu wetu, mwanamuke mwembamba asiyecheka ovyo, alinirudishia: "Hiyo uliiona kwa jicho gani?"

Nilikasirika siku mbili. Kisha niliandika upya: "Saa nane. Hakula. Niliita muuguzi."

Lakini ripoti haikuwa shida kubwa. Shida ilikuwa mikono. Kila wikiendi tuliogeshana sisi kwa sisi, kila mutu kwa zamu yake akilala kitandani kama mugonjwa aliyelegea upande mumoja. Mimi nilishika mutu, nikamupangusa uso, shingo, mikono, haraka na vizuri, kama nilivyozoea. Mwalimu alisimamisha kila kitu.

"Mukono wake wa kuume unafanya kazi. Kwa nini unamunyanganya kitambaa?"

"Simunyanganyi. Ninamuheshimu."

"Umemuuliza?"

Kumuuliza! Mwanafunzi mwenzangu, mama mumoja wa Maroko, alikuwa amelala pale kitandani, maji yakimutiririka kwenye sikio. Akasema: "Mama, wewe utaua watu kwa mapendo." Darasa lote likacheka. Zoezi hilo nilianguka mara mbili. Kichwani niliwaita watu wa kule wavivu: musaidizi anasimama, muzee anafanya kazi.

Mutihani ulipangwa siku ya yenga. Siku ya posho, jioni, nilikuwa natoka masomoni, bado niko ndani ya bisi, binti yangu aliyebaki Goma akanipigia kutoka mutaa wa Majengo.

"Mama, mulima umepasuka tena. Juu kote ni nyekundu."

"Watoto wako wapi?"

"Niko nao wote. Watu wanasema moto unashuka upande wa kiwanja cha ndege. Tunaenda Sake na miguu. Batri inaisha, Mama. Kesho ufanye mutihani wako."

"Mutihani gani, weye! Nitaingiaje mule?"

"Ukikaa kando ya telefone, moto utazimika?"

Kisha sauti ikakatika. Nilipiga tena na tena. Asubuhi niliendelea kupiga. Hakuna kitu.

Pale masomoni kulikuwa kikapu karibu na mulango, kila telefone iliingia mule mbele ya mutihani. Nilimwambia mwalimu habari za nyumbani. Akasema: "Unaweza kuahirisha, nitakuandikia sababu. Lakini kikao kingine ni kisha likizo kubwa kupita."

Kisha likizo nafasi ingekuwa ya mutu mwingine. Nilitia telefone katika kikapu. Ilikuwa kama kutia mutoto.

Mugonjwa wa mutihani alikuwa muzee wa kujitolea, fundi saa wa zamani, upande mumoja wa mwili wake ulilegea kweli. Niligonga mulango. Nilijitambulisha. Nilifunga breki za kitanda, nikavuta pazia, nikapima maji. Mwalimu alisimama pembeni na karatasi yake ya alama. Mpaka hapo kichwa kilifanya kazi. Lakini nilipokamua kitambaa, mikono ilianza kutetemeka, maji yakamwagika kwenye goti lake.

"Samahani, papa."

Nilijaribu tena. Mikono ilikataa. Nikiupeleka mukono huu usoni mwake nitamutia kidole jichoni, nilijua hivyo. Kalamu ya mwalimu haikusogea. Nikafanya jambo ambalo nilikuwa sijafanya maishani: nilimunyooshea muzee kitambaa.

"Papa, unaweza kujipangusa uso?"

Akakichukua. Alijipangusa polepole, macho, pua, nyuma ya masikio, akajifunika nacho uso na kukaa hivyo kidogo, akipumua ndani yake. Mimi nimesimama, mikono mitupu. Na pale nikakumbuka kitu nilichokuwa nimesahau. Siku moja kule Kalengera mama mukwe alinyoosha mukono achukue kitambaa. Nilimurudishia mukono wake chini. "Tulia, mama," nilimwambia. Hakunyoosha tena.

Sehemu zingine za mwili tulizimaliza pamoja, yeye mukono wake, mimi yangu. Kisha nikakaa kwenye meza niandike ripoti. Jibu zuri nililijua, lilikuwa katika kazi za telefone: nimemuacha ajioshe ili alinde nguvu zake. Nikaandika: "Saa ine. Mikono yangu ilitetemeka, maji yalimwagika. Nilimupa kitambaa. Alijipangusa uso mwenyewe."

Mwalimu alisoma, akaniangalia.

"Ungeweza kuandika vingine."

"Sikuona vingine."

Alinikata alama za maji yaliyomwagika. Zile za kitambaa alinipa zote. "Umepita," alisema. "Enda kachukue telefone yako."

Katika kikapu kulikuwa ujumbe wa namba nisiyoijua: "Tuko Sake. Hakuna aliyebaki nyuma, wote wazima. Miguu tu inauma." Nilikaa chini pale pale karibu na mulango nikausoma tena, na mama wa Maroko akanishikia saki yangu ya mukono.

Ile nafasi niliipata, nikaifanyia kazi miaka kadhaa. Sasa nimerudi Goma, magoti yamekufa, na vita imerudi kama mugeni asiyealikwa. Binti yangu ananiletea beseni asubuhi, anakamua kitambaa, anakuja nacho usoni mwangu na ile heshima yake yote.

"Tulia, Mama," anasema.

"Weye, uliniuliza? Lete hapa."