Sinia Langu Peke Yangu

Pale kinuni Ifakara, wapima mpunga na washona magunia tulikula mchana kwenye sinia moja. Mikono saba, kambale mmoja. Nilijifunza kupatana bei hata na samaki aliyekwisha kufa.

Meneja nilimwambia mwenyewe, mlango umefungwa: nina kifafa, natumia dawa, naomba asinipange karibu na mkanda wa mashine. Akakubali. Kesho yake, tulipokuwa tukigawana kazi, akatangaza mbele ya wote, "Huyu mwenzenu ana kifafa. Akianguka mniite." Nadhani alijiona ananilinda.

Huku kwetu wengi bado wanaamini kifafa kinaambukiza kwa mate. Mchana ule mpishi akanitengea sinia langu. Nikahesabu mikono kwenye sinia lao, nikarudia: sita. Kwangu mmoja, na kipande cha samaki kinachotosha watatu. Sikuwahi kupewa kikubwa hivyo bila kubishana.

Nikamfuata dada anayetuwakilisha kwenye chama cha wafanyakazi.

"Andika alichosema, lini, wapi, na nani alisikia," akaniambia. "Useme hukumruhusu."

"Nimpelekee nani? Meneja ndiye yeye."

"Mkurugenzi. Bahasha ifungwe, nakala yako igongwe mhuri. Wakinyamaza, tunapeleka malalamiko tume ya kulinda taarifa binafsi. Afya ya mtu ni taarifa nyeti kisheria, kaka, siyo habari ya kikaoni. Ila tafuta shahidi."

Hapo ndipo penye kazi. Wenzangu wanne walikuwa ghafla na matatizo ya masikio. Nikamwendea mama wa Kisukuma anayeshona magunia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Najua ulichokuja nacho. Nilisikia, nitasema."

Barua ilipofika tukaitwa, naye akasema kweli, mbele ya mkurugenzi, bila kupunguza neno. Meneja hakukana.

"Basi," mkurugenzi akasema, "kesho asubuhi akuombe radhi mbele ya wote."

"Mzee, hapo atakuwa amenitangaza mara ya pili."

Akaweka kalamu chini. Nikajua bei imeanza kushuka. Tukapatana: radhi iwe ya maandishi, kwangu tu, meneja apewe onyo, habari za afya za wafanyakazi azishike ofisa utumishi peke yake, kabatini, kwa kufuli. Nikamwomba anisomee tena kabla hajasaini.

Nilirudi mchana, nikiwa nimeshinda. Sinia langu lilikuwa pale pale. Mama akaja na kigoda chake, akakaa upande wangu, sahani yake mwenyewe mapajani.

"Karibu huku, mama," nikasema, nikimsogezea sinia.

"Ushahidi nimetoa, mwanangu. Kula na wewe bado naogopa."

"Hakiambukizi."

"Nimesikia. Nipe muda."

Tukala, yeye chake, mimi changu. Samaki nikambakizia nusu kwenye ukingo wa sinia, upande wake.