Kunegunda na Safu ya Wakulima

Kunegunda aliuza dagaa wa Nyasa katika soko la Songea, na kushindwa hakukuwa miongoni mwa bidhaa zake. Mteja alinunua, au aliondoka amesemwa. Kwa hiyo siku ya sikukuu ya somo wa kigango, mtakatifu msimamizi wa kanisa lao, yalipotangazwa mashindano ya chemsha bongo, alishafika mbele kabla hajaitwa. Mpinzani wake alikuwa Urbani kinyozi. Atakayeshindwa ataosha masufuria ya ugali, na ukoko wa siku ile ulikuwa wa kuchongwa kwa shoka.

Fumbo lilitoka gazetini, katika mojawapo ya yale magazeti mapya yaliyoota kama uyoga baada ya mvua. Mwalimu Fransisko alichora majedwali mawili ubaoni. Kuna Valence, Hilda na Longino. Mmoja ni mwalimu, mmoja fundi cherehani, mmoja mkulima. Mmoja anakaa Songea, mmoja Hanga, mmoja Namtumbo. Mkulima anakaa Namtumbo. Valence hakai Namtumbo wala Songea. Hilda si mkulima wala mwalimu. Weka vema panapokubali, kosa panapokataa.

Kunegunda alianza vizuri. Miji miwili imemkataa Valence, basi ni wa Hanga. Alipofika safu ya mkulima akaweka vema tatu, kila mtu na yake.

Mwalimu akamweleza taratibu kwamba kila mtu ana kazi moja tu. Akishaipata mmoja, wenzake wanakatwa.

"Mwalimu, huyo Hilda asiye na shamba anakula nyuzi?"

Ukumbi ukacheka. Urbani hakucheka, alikuwa anakata. Hilda si mkulima wala mwalimu, basi ni fundi. Valence ni wa Hanga na mkulima yuko Namtumbo, basi Valence amebaki na ualimu. Longino akapewa jembe na Namtumbo yake, na Songea ikamwangukia Hilda. Akaweka chaki chini.

Kunegunda aliona yote hayo, maana hakuwa mjinga. Kitambaa cha kufutia ubao kilikuwa mkononi. Vema mbili za kufuta, na masufuria yangekuwa ya kugombaniwa. Lakini kumnyang'anya mtu wa Songea hata matuta yake ya mahindi, mchana, mbele ya Padri? Akakirudisha kitambaa mezani.

Akahukumiwa masufuria. Alikuwa amezama hadi viwiko alipomsikia Mwalimu Fransisko akimuaga Padri kwa haraka: ngedere wameingia kwenye mahindi.

"Mahindi ya nani, Mwalimu?" Kunegunda akauliza bila kuinua kichwa.

"Yangu, mama. Yale ya kule bondeni."

"Kumbe. Na wewe Urbani, mbona umeshavaa kofia?"

Urbani alikohoa, akasema shamba lake limepakana na la Mwalimu.

Kunegunda akawasukumia sufuria kubwa kuliko yote, na gunzi la kusugulia.

"Wakulima wenzangu," alisema, "ngedere watasubiri."