Mapigo Yale Yale

Naitwa Joyness, wa Ubaruku. Tangu niolewe nambebea mume wangu Ambokile viroba vya mpunga, na ugonjwa wa sukari ninao miaka mingi. Mwaka huu kila nikisimama naona giza. Juzi nilianguka kwenye uwanja wa kuanikia mpunga. Mume wangu akanishika mkono, akasikiliza mapigo mbele ya vibarua.

"Mama Jofrey, acha maigizo! Aliyechoka moyo humwenda mbio. Wako unapiga vile vile kama asubuhi nilipokushika mkono umekaa."

Watu wakacheka. Dada yake akadakia, "Wifi huchoka akiona kiroba. Akiona chai anapona!"

Nilipokwenda kliniki ya sukari Rujewa, Ambokile alinifuata, apate kusikia nikiumbuliwa. Daktari Veneranda alinilaza, akapima, kisha akanisimamisha, akapima tena. Presha ilishuka sana. Mapigo hayakubadilika.

"Baba, hiyo ndiyo dalili yenyewe," akamwambia. "Sukari imeharibu mishipa ya fahamu inayouongoza moyo. Akisimama au akifanya kazi, moyo hauongezi mwendo inavyotakiwa. Asibebe mizigo. Na moyo ukipata shida, huenda asisikie maumivu."

Ambokile alitangulia kutoka mlangoni. Pole sikuisikia.

Sasa nikiamka nakaa kwanza ukingoni mwa kitanda, nashika mkono wangu. Mapigo ni yale yale. Naogopa siku moyo utakapougua kimya kimya, na wa kunikimbiza hospitali awe ni yeye, aliyezoea kusema naigiza.